Ukihama, Ondoka na Namba ya Mita

Miezi kumi na minne baada ya kuhama mji fulani, nilipata ujumbe kwenye simu ukinidai bili ya maji ya nyumba ambayo sikuwa na ufunguo wake tena. Nilipofika ofisini, kijana aliyekuwa dirishani alifungua kompyuta, akatazama, akaniuliza kwa upole, "Akaunti bado iko wazi, mama. Ulihama lini?" Nikamtajia tarehe. "Na mita ilikuwa imesoma ngapi siku hiyo?"

Hapo nikakwama. Nilikuwa nimelipa bili ya mwisho niliyoletewa, nimefagia nyumba, nimerudisha funguo na kuagana na majirani. Mita yenyewe sikuwahi kuiinamia. Kwa kuwa sikuwa na namba, hakukuwa na namna ya kutenganisha maji yangu na ya aliyeingia nyuma yangu. Amana niliyoweka ililiwa yote na deni, na bado nikaongeza pesa mfukoni ili jina langu litolewe.

Mwongozo huu ni wa mpangaji wa Kenya anayelipia stima au maji kwa bili ya mwisho wa mwezi, ile ya kutumia kwanza na kulipa baadaye. Mwenye mita ya tokeni hana tatizo hili, kwa sababu alicholipa ndicho anachokula, na kikiisha taa zinazima zenyewe. Mwenye bili huwa nyuma ya mita kila siku. Anapofunga mlango kwa mara ya mwisho, kuna yuniti alizokwisha kutumia ambazo bado hazijaandikwa popote isipokuwa kwenye mita. Namba ya siku hiyo ndiyo mpaka kati ya deni lako na la mwingine, na kazi yako yote ni kuufanya mpaka huo ukubalike na kuandikwa.

Kwanza, jina la nani liko kwenye bili?

Kabla ya kuandika barua yoyote, chukua bili na usome jina lililo juu. Katika ploti nyingi za Kenya, hasa kwa maji, akaunti ni ya mwenye nyumba. Kampuni ya maji ina mita moja kubwa getini, na ndani mwenye nyumba amefunga mita ndogo za kila mlango, naye ndiye anayekutoza. Ikiwa ndivyo ulivyo, kampuni haikujui. Huna akaunti ya kufunga, na amana yako, kama uliitoa, iko kwa mwenye nyumba au wakala wake pamoja na ile ya kodi. Kazi yako ni kusoma mita ndogo mbele ya msimamizi wa ploti, kukubaliana naye namba, kulipa kilichobaki na kudai amana kwa maandishi.

Ikiwa jina ni lako, mkataba ni kati yako na kampuni, na mwenye nyumba hana uwezo wa kuufunga kwa niaba yako hata akikuahidi. Kumwambia "nimehama" hakuifikii kampuni. Kurudisha funguo hakuifikii kampuni. Akaunti itaendelea kuhesabu mpaka wewe uliyeifungua uombe ifungwe, au mpaka huduma ikatwe kwa deni.

Kuna hali ya tatu inayowatia watu wengi taabani. Jina kwenye bili ni la mpangaji aliyekutangulia. Wewe uliingia, ukamrudishia amana yake taslimu mlangoni, ukaendelea kulipa kwa namba ile ile ya akaunti. Kwa kampuni, amana ile ni ya yule aliyeondoka, na risiti ina jina lake. Siku ya kuhama hutaweza kuidai bila yeye kuja ofisini au kukuandikia idhini. Kama bado unaishi hapo, rekebisha jambo hili sasa, na usije ukamfanyia mwenzako vivyo hivyo unapotoka.

Kufunga au kuhamisha?

Ofisini utaulizwa unataka nini hasa. Kufunga akaunti maana yake huduma inakatwa, mita inasomwa mara ya mwisho, pengine inang'olewa kabisa, na mkataba unaisha. Kuhamisha maana yake huduma inaendelea, lakini kuanzia namba fulani ya mita inaingia kwa jina la mtu mwingine, awe mpangaji mpya au mwenye nyumba.

Mwenye nyumba kwa kawaida atakuomba usifunge, kwa sababu kurudisha huduma iliyokatwa kunagharimu pesa na siku. Ombi hilo ni la haki, ila lina masharti. Anayepokea akaunti aende ofisini na kitambulisho chake, ajaze fomu yake na aweke amana yake. Yako ibaki kuwa yako na irudi kwako. Akikwambia, "Acha tu hivyo hivyo, mpangaji mpya akija atabadilisha," tambua kwamba anakuomba uwe mdhamini wa mtu ambaye hamjaonana. Kama hajaandikisha kufikia siku unayotoka, omba kufungiwa.

Hili lina uzito zaidi kwa maji kuliko kwa stima. Mita ya maji mara nyingi iko nje, kando ya barabara au ukutani kwa nyuma, na nyingi zina mwili wa shaba ambao wezi huuza kama chuma chakavu. Ikiibiwa wakati akaunti ingali kwa jina lako, wewe ndiye utakayeulizwa.

Wiki mbili kabla ya kuhama

Wiki mbili si sheria, ila zinatosha kumpa msoma mita nafasi ya kufika kabla hujatoka. Msoma mita ana ratiba ya mtaa wako, na hatapita siku unayohama kwa bahati tu. Lazima aombwe.

Andika barua fupi au ujaze fomu ya kufunga akaunti katika ofisi ya kampuni. Taja mambo matano: jina lako kama lilivyo kwenye akaunti, namba ya akaunti, namba ya mita, tarehe unayotaka mita isomwe mara ya mwisho, na akaunti ya benki au namba ya simu unakotaka amana irudishwe. Ambatisha nakala ya kitambulisho na nakala ya risiti ya amana. Peleka barua mbili, moja ibaki kwao na nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa irudi nawe. Ukituma kwa barua pepe, omba namba ya kumbukumbu ya ombi lako, na usiridhike na jibu la "tumepokea" lisilo na namba.

Risiti ya amana ndiyo karatasi inayopotea kuliko zote, maana ulipewa siku ya kwanza kabisa, pengine miaka saba iliyopita. Ikiwa huioni, usikate tamaa. Omba taarifa kamili ya akaunti, ile inayoorodhesha kila malipo tangu akaunti ilipofunguliwa, na amana itaonekana humo. Huenda bado ukatakiwa kuleta hati ya kiapo iliyosainiwa mbele ya kamishna wa viapo, ikisema kwamba risiti imepotea na kwamba hujaitumia kudai pesa hizo. Uliza mapema, kwa sababu hati hiyo ni rahisi kuipata ukiwa bado mjini kuliko ukiwa umeshahamia kaunti nyingine.

Angalia pia jina. Kama akaunti ilifunguliwa kwa jina la mume na benki ni ya mke, au kitambulisho kina majina matatu na akaunti ina mawili, malipo yatakwama kwa mhasibu. Ni heri litatuliwe hapo dirishani.

Kisha tazama bili zako tatu za mwisho. Kando ya namba ya mita, bili huonyesha kama usomaji ulikuwa wa kweli au wa makadirio. Makadirio hutokea msoma mita anapokuta geti limefungwa, mbwa yuko nje au kisanduku cha mita kimetiwa kufuli, na kampuni ikakutoza kwa wastani wa miezi ya nyuma. Ukikuta bili ya mwisho ni ya makadirio, iweke alama. Tutairudia.

Jinsi ya kusoma mita yako

Mita za stima katika ploti hukaa pamoja kwenye ubao mmoja, sita au kumi bega kwa bega, na kibandiko cha "Na. 4" si ushahidi kwamba ni yako. Linganisha namba iliyochongwa au kuchapishwa kwenye mita na ile iliyo kwenye bili. Halafu fanya jaribio la swichi. Ingia ndani, zima swichi kuu ya nyumba yako, urudi kwenye ubao. Mita ya kizamani ina kisahani cha chuma kinachozunguka ndani ya kioo, nacho kinapaswa kusimama. Mita ya kidijitali ina taa ndogo nyekundu inayopepesa kwa kadiri stima inavyopita, nayo inapaswa kuacha kupepesa. Kama nyumba imezimwa na taa bado inapepesa, kuna mtu anayekula stima kwenye mita yako, au waya zilifungwa kwenye mita isiyo yako. Jambo hilo liripotiwe kabla ya usomaji wa mwisho, kwa sababu baada ya hapo utakuwa umelikubali.

Mita ya kizamani husomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Ikiwa tarakimu ya mwisho kulia ni nyekundu au imezungushiwa fremu nyekundu, hiyo ni sehemu ya kumi ya yuniti, na haihesabiwi. Mtu akiijumlisha, 18467 inageuka 184672, na bili inageuka kichekesho, ila kichekesho hicho huja na jina lako. Mita ya kidijitali hubadilisha maandishi yenyewe kila baada ya sekunde chache: tarehe, saa, volti, na kadhalika. Ngoja mpaka uone namba iliyoandikwa kWh pembeni. Katika mita nyingi, usomaji wa jumla hutanguliwa na alama `1.8.0`. Hiyo ndiyo unayoitaka.

Mita ya maji ina tabia yake. Fungua kifuniko, ufute uso wa kioo kwa kitambaa kibichi, kwani matope na ukungu vimewafanya wengi wasome 3 pahali pa 8. Tarakimu nyeusi ni mita za ujazo, na kila moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Tarakimu nyekundu na vishale vidogo vya duara ni lita na vipande vyake. Bili huhesabiwa kwa tarakimu nyeusi, lakini wewe ziandike zote. Sasa funga mifereji yote ya nyumba na utazame kigurudumu kidogo chenye umbo la nyota katikati ya uso wa mita. Kikizunguka hata polepole ilhali hakuna anayetumia maji, pana mvujo baada ya mita. Mara nyingi ni tangi la choo lisiloziba. Uzibe, au ufunge valvu kando ya mita siku unapotoka, maana maji yanayovuja kati ya siku uliyosoma na siku kampuni itakapokuja kukata ni maji yako.

Siku ya kuhama

Hali bora ni kuwa na msoma mita wa kampuni, wewe na msimamizi wa ploti mkiwa mmesimama pamoja mbele ya mita. Msoma mita anaisoma kwa sauti, wewe unathibitisha, fomu inasainiwa, nakala inabaki kwako. Kama huduma inakatwa siku hiyo, tazama anavyotia sili na uandike namba ya sili, ili mtu asije akaunganisha baada yako na wewe ukaulizwa.

Mara nyingi haji. Ratiba imemzidi, mvua imenyesha, gari halipo. Usiahirishe kuhama. Soma mwenyewe na utengeneze ushahidi.

Piga picha tatu. Ya kwanza ionyeshe ubao mzima au ukuta wenye mita, ili pajulikane ni wapi. Ya pili iwe ya namba ya mita, karibu vya kutosha kusomeka. Ya tatu iwe ya usomaji wenyewe, bila mwako wa taa ya simu kwenye kioo. Simama kwa pembe kidogo au zima taa na utumie mwanga wa mchana. Usizihariri picha hizo wala kuzipitisha kwanza kwenye kundi la familia, kwa sababu programu za ujumbe hupunguza ubora na kufuta taarifa ya saa iliyopigwa. Kisha andika kwenye karatasi tarehe, saa, namba ya mita na usomaji wake, msimamizi wa ploti atie sahihi na namba yake ya simu.

Tuma usomaji huo siku hiyo hiyo. Mteja wa Kenya Power anaweza kuanzia kwa kupiga *977# au kutumia programu ya My Power. Hata hivyo, usomaji unaoingizwa kwa njia hiyo ni wa bili tu na haufungi akaunti. Kwa hiyo utume pia kwa barua pepe pamoja na picha, ukitaja namba ya kumbukumbu ya ombi lako la kufunga. Kwa maji, fanya vivyo hivyo na ofisi ya kampuni ya kaunti au mji wako.

Piga hesabu yako kabla hawajakupigia

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi: usomaji wa mwisho, toa usomaji wa bili iliyopita, zidisha kwa bei, kisha toa jibu kwenye amana. Kinachotatiza ni bei, kwa sababu bili ya stima Kenya ina gharama ya nishati yenyewe, nyongeza ya mafuta na ya ubadilishaji wa fedha zinazopanda na kushuka kila mwezi, tozo kadhaa, na VAT ya asilimia 16. Huna haja ya kuzichambua zote. Chukua jumla ya shilingi za bili yako ya mwisho iliyo ya kweli, ugawe kwa yuniti za bili hiyo. Utapata bei ya yuniti moja ikiwa na kila kitu ndani yake.

Tuchukue mpangaji mmoja wa kubuni huko Nakuru. Bili yake ya mwisho ilikuwa ya yuniti 78 kwa shilingi 2,106, na ameilipa. Ukigawa, yuniti moja ni shilingi 27. Bili hiyo iliishia kwenye usomaji wa 18412. Siku ya kuhama mita inasoma 18467. Ametumia yuniti 55, ambazo kwa shilingi 27 ni 1,485. Tuseme amana aliyoweka zamani ni shilingi 2,500. Anapaswa kurudishiwa karibu 1,015. Tunasema karibu, kwa sababu nyongeza za mwezi huu si zile za mwezi uliopita, na daraja la bei linaweza kubadilika matumizi yakipanda au kushuka. Tofauti ya shilingi mia moja hivi isikushtue. Tofauti ya elfu ina sababu, na sababu hiyo itafutwe.

Sasa tuseme msoma mita hakuja, naye hakutuma picha. Ofisi inafunga akaunti kwa makadirio ya 18520. Yuniti zimekuwa 108, bili imekuwa shilingi 2,916, na amana yote imekwisha. Badala ya kupokea 1,015 anadaiwa 416. Nyumba ni ile ile na stima aliyotumia ni ile ile. Yuniti 53 za kukisia zimemgharimu shilingi 1,431, na bila picha hana la kujibu.

Rudi sasa kwenye bili uliyoitia alama. Kama bili iliyopita ilikadiriwa juu mno, usomaji wa kweli wa siku ya mwisho unaweza kuwa chini ya namba iliyo kwenye bili. Mfumo unasema 18480, mita inasema 18467. Usidhani mita imeharibika, na usikubali mtu akuandikie sifuri. Ulishalipia yuniti 13 ambazo hukuzitumia, na bili ya mwisho inapaswa kuzirudisha kwako. Omba bili za makadirio zifutwe na zihesabiwe upya tangu usomaji wa mwisho wa kweli.

Kwa maji, hesabu ni hiyo hiyo, ila tazama mistari miwili ya ziada. Penye bomba la majitaka, ada yake huhesabiwa kwa kufuata kiasi cha maji, kwa hiyo kosa kwenye usomaji wa maji linakupiga mara mbili. Na penye kodi ya mita ya kila mwezi, hakikisha imekomea mwezi uliohama.

Lipa bili ya mwisho au iache ikatwe kwenye amana? Njia zote mbili zinafanya kazi, na kuikata kwenye amana ndio utaratibu wa kawaida wa kufunga. Ukiamua kulipa, tumia namba ile ile ya akaunti, kwa stima ya bili ni namba ya malipo 888888, na uhifadhi ujumbe wa M-Pesa. Usimpe msimamizi wa ploti taslimu akulipie, hata kama mmeishi vizuri miaka kumi.

Kuifuatilia amana

Bili ya mwisho ikitoka, mambo mawili yanapaswa kukufikia. La kwanza ni taarifa ya kufunga akaunti inayoonyesha usomaji wa mwisho, kiasi cha amana, kilichokatwa na salio. La pili ni pesa zenyewe. Usisubiri pesa ndipo udai taarifa. Taarifa ndiyo inayokuambia kama pesa zipo, na bila hiyo utakuwa unapiga simu kuuliza jambo lisilo kwenye faili lolote.

Wiki tatu au nne zikipita kimya, nenda ofisini au andika tena ukitaja namba ya kumbukumbu. Uliza swali moja la wazi: faili langu liko meza ya nani? Kuna meza ya usomaji, meza ya bili na meza ya malipo, na faili hukwama kati ya moja na nyingine. Kwa kawaida ni kwa sababu usomaji wa mwisho haujaingizwa, au jina la benki halilingani na la akaunti. Ukijua limekwama wapi, unapeleka kitu kinachokosekana, na safari moja inatosha.

Wakikataa hesabu yako, andika malalamiko rasmi kwa kampuni kwanza, ukiambatisha picha na karatasi iliyosainiwa. Usiporidhika na jibu, malalamiko ya stima hupelekwa kwa EPRA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na petroli iliyoundwa chini ya Sheria ya Nishati ya 2019. Ya maji hupelekwa kwa WASREB, bodi inayodhibiti huduma za maji chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Na ikiwa amana iko kwa mwenye nyumba anayekukwepa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai ya pesa yasiyozidi shilingi milioni moja, na unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili.

Na kama ulihama zamani ukaiacha amana yako? Pengine bado haijapotea. Chini ya Sheria ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa ya 2011, amana ya stima au maji isiyodaiwa kwa zaidi ya miaka miwili tangu huduma kusitishwa huhesabiwa kuwa imeachwa, nayo hupaswa kupelekwa kwa mamlaka inayohifadhi mali hizo, UFAA. Mwenyewe au warithi wake wanaweza kuidai huko bila kulipa chochote. Ila ona neno "kusitishwa". Akaunti ambayo haikufungwa haijasitishwa, na amana yake huendelea kukaa palepale ikisubiri deni la kulipia. Ndivyo yangu ilivyoisha.

Karatasi za kubaki nazo

Weka pamoja nakala ya barua yenye muhuri, picha tatu, karatasi ya sahihi, bili ya mwisho na taarifa ya kufunga. Sheria ya Kenya inaruhusu dai la mkataba kufikishwa mahakamani ndani ya miaka sita, basi zihifadhi miaka sita.

Mwaka jana nilihama tena. Lori lilikuwa limeshajaa, godoro limefungwa kamba juu, dereva anapiga honi. Nikamwomba dakika tano, nikazunguka nyuma ya nyumba na kitambaa kibichi, nikafuta kioo cha mita ya maji. Ilikuwa 0642, na kigurudumu cha nyota kilikuwa kimetulia. Miezi minne baadaye ofisi ilinipigia kuuliza mbona bili inaonyesha 0671. Niliwatumia picha nikiwa bado kwenye simu. Amana ilirudi wiki iliyofuata, pungufu ya yuniti zangu tu.